Tailizi za sebule: maboksi mangapi, gundi mifuko mingapi

Sebule yangu ni mita 5 kwa 4.2, nataka tailizi za 60 kwa 60. Dukani wamenipigia maboksi 15, yatatosha?

Hayatoshi kaka. Wamechukua mita za mraba 21 wakagawa kwa 1.44 ambayo ni boksi la tailizi 4, basi. Ila chumba kinahesabiwa kwa mistari. Upande wa mita 5 zinaingia nzima 8 halafu inabaki nafasi ya kama sentimita 17, na kile kipande chembamba kikikaa ukutani upande mmoja tu kinaharibu sebule nzima, kwa hiyo fundi mzuri anatoa mstari mmoja mzima anagawa huku na huku, kila ukuta unapata kipande cha sentimita 38 hivi. Sasa 38 ni zaidi ya nusu, maana yake kila kipande kinakula tailizi nzima. Mistari 9 mara 7 za upande wa mita 4.2 ni tailizi 63, hayo ni maboksi 16 na inabaki moja tu ya akiba, chukua 17. Vipande vya sentimita 21 vinavyobaki msitupe, skating ya chini ya ukuta inatoka humo. Halafu angalia namba ya loti iwe moja kwenye maboksi yote, mimi nilipungukiwa mbili nikarudi kununua, rangi ikatofautiana na hadi leo naziona kila nikifungua mlango.

Nikiweka spesa za milimita 3 si tailizi zitapungua?

Dada hiyo usiipigie hesabu, mita 5 nzima spesa zote zinakupa milimita 24 tu. Ila usikubali zibanwe bila nafasi, maana hata za boksi moja zinapishana saizi kidogo, na nafasi ndo inameza ile tofauti, la sivyo ukifika katikati ya chumba mistari imeshahama. Grauti kwa sebule kama hiyo ya juu ni kama kilo 3, nunua 5 kwa sababu nyingine inaondoka na sponji.

Fundi anataka mifuko 8 ya gundi ya kilo 25 kwa mita za mraba 21. Ananipiga?

Inategemea sakafu yako. Kwa mwiko wa meno ya milimita 10 mita moja ya mraba inakula kilo 5 mpaka 6, kwa hiyo mifuko 5, labda na wa 6. Laza rula ya aluminiamu ya mita 2 uone mwanga unapita wapi chini yake, kwa sababu kila milimita ya kujazia inakula kilo 1.5 zaidi kwa mita ya mraba, sasa kama sakafu imebonyea milimita 2 kwa wastani hiyo ni kilo 63 za ziada na fundi wako yuko sahihi kabisa. Ila ni nafuu kusawazisha kwanza kwa mchanga na simenti, ikauke ndo aanze.

Mimi naogopa zaidi fundi anayesema mifuko 3 inatosha. Huyo anaweka madonge matano ya gundi kwa kila tailizi, pembeni panabaki wazi, ukigonga panalia kama debe tupu, na siku kabati zito likikokotwa hapo pembe inavunjika. Akishalaza ya kwanza mwambie aibandue ikiwa bado mbichi, mgongo wote unatakiwa uwe umeshika gundi mpaka pembeni.