Mafua yaliyopoa kisha yakarudi: kwangu ilikuwa sainasi

"Wakuu, leo ni siku ya tisa nina mafua. Juzi nilishapata nafuu, sasa kamasi nzito ya kijani inashukia kooni, koo linauma na shavu la kulia limejaa kama nimepigwa. Jirani anasema ni mafua tu, ninunue azithromaisini. Ni kweli?"

Pole sana mkuu. Hilo la kupata nafuu kisha kuzidiwa ndilo lililonifanya niandike, maana mimi lilinipata Julai mwaka jana nikiwa Njombe.

Yalianza kama mafua yoyote: chafya, kamasi ya maji, mwili mzito. Siku ya tatu ikawa mbaya kuliko zote, siku ya tano nikarudi kazini. Jioni ya siku ya saba homa ikapanda, 38.6. Shavu la kushoto likawa zito, nikiinama kufunga viatu najisikia kama kuna kitu kinasukuma kutoka ndani. Meno ya juu upande huo yakaanza kuuma, nikaenda kwa daktari wa meno nikitaka aling'oe lililooza. Akayagonga moja baada ya jingine. Yote yaliuma sawasawa na picha haikuonyesha tatizo. Akasema jino bovu huuma lenyewe, haliumi na majirani zake wote, nikamwone daktari wa kawaida. Nashukuru hakung'oa kitu.

Daktari alipima malaria kwanza, haikuwepo. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Ndani ya mfupa wa shavu kuna chumba kitupu, na tundu lake la kutolea uchafu liko juu, karibu na jicho, siyo chini. Kamasi haimwagiki yenyewe. Vinyweleo vidogo sana huisukuma ipande hadi itokee puani. Mafua yakivimbisha njia hiyo, kamasi inakwama, na bakteria wakiingia wanastawi humo. Hiyo ndiyo sainasi. Meno yanauma kwa sababu mizizi yake iko chini kabisa ya chumba hicho.

Mafua ya kawaida huwa makali siku ya tatu hadi ya tano, kisha yanashuka, hata kama kikohozi kinabaki nyuma. Yasipopungua hata kidogo baada ya siku 10, au yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu, hapo ndipo sainasi ya bakteria inaposhukiwa. Nyingine huanza kwa ukali tangu mwanzo: homa ya 39 na kamasi ya usaha kwa siku tatu au nne mfululizo. Rangi ya kijani peke yake isikutishe. Inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana, na hata mafua ya virusi huileta.

Koo nalo lina namna yake. Langu liliuma zaidi alfajiri, baada ya kamasi kulishukia usiku kucha na mimi nikihema kwa mdomo. Nikinywa chai linatulia. Tezi za koo zikiwa ndizo zinazougua, kila ukimeza unaumia mchana kutwa, na mara nyingi zinavimba na kuwa na madoa meupe.

Kilichonisaidia zaidi ni kuosha pua. Chemsha maji, yapoe hadi yawe vuguvugu, chukua mililita 250 utie nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nunua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Inama juu ya sinki, lalisha kichwa upande, hema kwa mdomo, kisha sukuma polepole kwenye tundu la juu hadi maji yatokee la pili. Nilifanya asubuhi na jioni. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa, yanaweza kuwa na amiba anayepanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra, lakini huua. Dawa ya matone ya kuzibua pua isizidi siku tano. Mimi nilikwenda siku tisa, na kila ilipoisha nguvu pua iliziba kuliko mwanzo.

Kuhusu azithromaisini, jirani amekosea. Kama ni mafua ya virusi haifanyi lolote, na kama ni bakteria, wengi wanaosababisha sainasi wameshaizoea. Mimi niliandikiwa amoksilini yenye klavulaniki, na siku ya tatu ya dawa uzito wa shavu ulianza kulegea. Usiinunue kwa kusoma hapa. Daktari akuangalie, akuulize kama una mzio wa penisilini. Wengine hupona bila antibiotiki yoyote, na anaweza kukwambia usubiri siku chache kwanza.

Ila ukiona jicho limevimba au linauma ukiligeuza, unaona vitu viwili viwili, shingo imekakamaa, au kichwa kinauma kuliko ulivyowahi kuumwa, usingoje kesho. Nenda hospitali usiku huohuo.