Mbwa naye ana hapana yake

Swali la wiki: “Mwanangu ana miaka sita na anapenda mbwa kupita kiasi. Akimwona yeyote, wa jirani au wa mtaani, anamkimbilia amkumbatie. Nimfundishe vipi bila kumtia woga? Na ni wakati gani asimguse kabisa?” (Mama, Morogoro)

Mama, anza na hilo la kukumbatia. Mbwa akizungushiwa mikono shingoni anajiona amebanwa, na wakati huo uso wa mtoto uko sentimita chache tu kutoka kwenye meno yake. Ndiyo maana watoto wadogo wanang'atwa sana usoni na kichwani, wakati watu wazima wanang'atwa zaidi mikononi na miguuni. Na mara nyingi anayemng'ata mtoto si mbwa mgeni, ni yuleyule wa nyumbani au wa jirani ambaye kila mtu anasema hana neno.

Kumkimbilia mbwa nako kuna shida yake. Mbwa wengi wa mitaani kwetu wamerushiwa mawe tangu wangali wadogo. Mtu akimjia mbio huku amemkazia macho, au akiinama ghafla, mbwa huyo anajua kinachofuata. Mtoto ameinama aokote mpira, mbwa yeye ameona mkono unatafuta jiwe. Hapo atakimbia, au atawahi yeye kwanza.

Kwa hiyo somo la kwanza ni fupi: mtoto hamwendei mbwa. Mtoto anasimama, mbwa ndiye anayekuja. Asipokuja, ameshajibu.

Tuseme Jumapili mnakwenda kwa shangazi yake, na shangazi ana mbwa anaitwa Simba, amefunguliwa, yuko uani. Mtoto akishaamkia, aombe ruhusa kwako kwanza, kisha kwa mwenye mbwa: “Shangazi, naomba nimsalimie Simba.” Wewe usiulize kama anauma, maana hakuna mwenye mbwa atakayekuambia anauma. Uliza kama amezoea watoto, kama anapenda kushikwa, na chanjo ya kichaa alichomwa lini. Ukiambiwa “zamani kidogo”, omba kadi yake uione tarehe. Shangazi akisitasita kwenye lolote kati ya hayo, leo Simba anaangaliwa kwa macho tu.

Ruhusa ya shangazi ikipatikana, bado ya Simba mwenyewe. Mtoto asimame umbali wa kama mita mbili, hatua zake nne hivi, wewe ukiwa pembeni yake. Asimame ubavu, asimwelekee mbwa kifua kwa kifua. Mikono iwe chini, imegusa mapaja, na macho yatazame miguu ya mbwa badala ya macho yake. Ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Simba akija mwili umelegea, kiuno kinacheza pamoja na mkia, mdomo umefunguka kidogo, aachwe anuse. Wengi tulifunzwa kumnyooshea mbwa mkono puani anuse. Achaneni na hilo, maana mkono unaomjia usoni ni wa kumshtua, na pua yake inamnusa mtoto vizuri tu pale aliposimama.

Akishanusa na akabaki karibu, mtoto amguse ubavuni mwa kifua au begani, kwa viganja vilivyolegea, akifuata manyoya yalivyolala. Asipitishe mkono juu ya kichwa. Ahesabu moja, mbili, tatu, halafu aondoe mkono na kuushusha. Sekunde tatu hizi msizidharau, kwa sababu mkono ukiondoka ndipo mbwa anapata nafasi ya kusema. Simba akisogea tena, akaegemea mguu wa mtoto au akausukuma mkono kwa pua, anataka zaidi, na mtoto ataanza tena kuhesabu tatu. Akibaki kama gogo, akageuza uso au akaondoka zake, basi yamekwisha, na hakuna kumfuata.

Hapana ya mbwa huanza kwa sauti ya chini kabla haijawa kelele, na watu wazima wengi huisikia ikiwa imeshakuwa kelele. Mbwa hugeuza uso. Hulamba pua wakati hapajapita chakula. Hupiga mwayo na hana usingizi. Kisha utaona weupe wa jicho umejitokeza pembeni kama mwezi mwandamo, kwa sababu kichwa kimetazama kule na jicho limebaki kwa mtoto. Baada ya hapo anaganda: mdomo unafungwa, pumzi inakatika, mkia unasimama. Kuganda kwenyewe kunaweza kuwa kwa sekunde moja tu, na kinachofuata ni kunguruma au meno. Mkia nao unadanganya. Ukiwa umesimama juu, mgumu, unatikisika haraka kwa mapigo mafupi huku mwili umekakamaa, hiyo si furaha hata kidogo.

Mbwa akinguruma, mwondoe mtoto, na usimpige mbwa. Anayepigwa kila akinguruma anajifunza kutonguruma, na siku ya pili anang'ata bila taarifa.

Haya mtoto wa miaka sita anaweza kuyashika, lakini si yote. Mtoto wa miaka mitatu au minne ukimwonesha picha ya mbwa aliyetoa meno, mara nyingi atakwambia mbwa anacheka. Wa umri huo hakuna somo litakalomtosha. Dawa yake ni mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na mtu huyo akiingia jikoni, mbwa na mtoto watenganishwe kwa mlango. Huyu wako mfanyishe mazoezi nyumbani, wewe ukiwa mbwa. Kaa kwenye kigoda, mara umsogelee, mara ugeuze uso, mara upige mwayo, naye aseme ni ndiyo au hapana. Dakika tano kwa siku, siku tatu nne kabla ya kwenda kwa shangazi, zinatosha, na atacheka sana.

Sasa wakati wa kutomgusa kabisa. Mbwa anayekula au anayetafuna mfupa, aliyelala, na jike mwenye watoto: hawa wote wana kitu cha kulinda au wanaweza kushtuka, hata kama jana walicheza na mtoto huyohuyo. Mpira ukiangukia kwenye bakuli la mbwa, mtoto aje akuite. Mbwa aliye nyuma ya geti naye asiingiziwe vidole kwenye nafasi za vyuma, maana kazi aliyopewa ni kuzuia kila kinachopita pale.

Wa mnyororo anahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiye anayewapotosha wengi. Watu wanadhani mbwa aliyefungwa ni salama. Kumbe amenyimwa njia ya kuondoka, na mbwa asiyeweza kukimbia kilichobaki kwake ni kupigana. Tena watu hupima mnyororo wakasahau mbwa mwenyewe. Mnyororo wa mita mbili, ongeza urefu wa mwili wake karibu mita moja anapojinyoosha, tayari anafika mita tatu kutoka kwenye kigingi. Ongeza mita moja ya tahadhari, ziwe nne. Mwombeni mwenye nyumba mchore duara la mita nne kwa chaki au kwa majivu, mkizunguka na kamba iliyofungwa kwenye kigingi, na mtoto aambiwe kwamba ndani ya duara ni chumbani kwa mbwa. Mstari anaouona anauheshimu kuliko “usisogee karibu”, kwa kuwa karibu ya mtoto na yako hazilingani.

Kuna nyumba nyingi, hasa Pwani, ambazo hazigusi mbwa kwa ajili ya dini. Watoto wa huko sehemu ya kumpapasa Simba haiwahusu, lakini hii inayofuata inawahusu sawasawa, kwa sababu njia ya shule au ya madrasa ina mbwa wake.

Mbwa akimjia njiani, mtoto asikimbie wala asipige kelele. Hata mbwa asiye mkali hufukuza kinachokimbia. Asimame kama mti: miguu imetulia, mikono imeshikana mbele ya tumbo, macho kwenye vidole vyake vya miguu, kimya. Mti hauchezi, kwa hiyo mbwa wengi watanusa, watachoka, wataondoka. Akishaondoka, mtoto arudi kinyumenyume taratibu, asigeuke akatimua mbio. Kama ana mkoba wa shule, auweke mbele yake, kati yake na mbwa. Akiangushwa, awe jiwe: apige magoti, ajikunje uso ukielekea ardhini, vidole vifumbatwe nyuma ya shingo, mikono izibe masikio. Mfanyishe kwenye mkeka mpaka mwili uzoee wenyewe, maana siku ya hofu hakumbuki maneno. Nisikufiche, mti haumzuii mbwa aliyekwisha amua kushambulia, wala mwenye kichaa.

Na mwenye kichaa si lazima awe yule anayetoa povu na kung'ata kila kitu. Kuna kichaa cha kimya. Mbwa anajificha, anayumba miguu ya nyuma, taya limelegea na mate yanatiririka, unaweza kuapa kuwa mfupa umemkwama kooni. Huyu ndiye ninayemhofia kwa mtoto kama wako, kwa sababu atamwonea huruma na kutaka kumsaidia. Mwambie waziwazi: mbwa anayeonekana mgonjwa, aliyegongwa na gari, au wa porini aliyekuwa mwoga ghafla akawa mpole, haguswi. Anakuja kukwambia, wewe unampigia ofisa mifugo.

La mwisho ni kuhusu kipigo. Watoto wengi huficha kwamba wamekwaruzwa na mbwa kwa kuogopa kuchapwa kwa kosa la kumchezea. Kichaa dalili zake zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba inayotegemewa kumwokoa. Chanjo inafanya kazi kabla ya hapo, kwa hiyo muahidi leo kwamba akisema hachapwi, na utimize. Akisema, hata kama ni mkwaruzo au mate yaliyoingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, usikisie. Usipake mafuta ya taa, pilipili, kitunguu wala majani. Siku hiyohiyo mpeleke hospitali aanzishiwe chanjo, na amalize dozi zote hata kama kidonda kimeshafunga. Mbwa akijulikana na akifungika bila hatari, asiuawe. Afungwe na aangaliwe siku 10. Akiwa mzima mpaka mwisho wa siku hizo, mate yake hayakuwa na kichaa siku aliyong'ata, lakini msisubiri siku hizo ndipo mtoto apate sindano ya kwanza. Na kwenye kule kuosha, maji ya bomba yakiwa yamekatika, ndoo na kopo vinatosha, mtu mmoja anamimina na mwingine anasugua polepole, na sabuni ya mche ya kufulia inafanya kazi hiyo vizuri.