Maswali na majibu: moshi uliokataa kufika darini

Fundi, ukumbi wetu dari iko mita 16, paa ni bati. Saa saba mchana tulichoma karatasi kidogo kupima, moshi ukapanda ukasimama katikati, vigunduzi vya mwali kule juu vikakaa kimya. Alfajiri tukarudia, vikalia. Vimeharibika?

Ni vizima kabisa. Mwali ni mwanga ambao kichwa cha kigunduzi hurusha hadi kioo cha ng'ambo na kuupokea ukirudi; moshi ukiupunguza, kinalia. Moshi wa mchana haukuufikia.

Moshi haupandi kwa sababu ni moshi. Unapanda kwa sababu umebebwa na hewa yenye joto kuliko ile inayouzunguka. Njiani unavuta hewa baridi ya pembeni, unazidi kunenepa na kupoa. Wakati huohuo bati lililochomwa na jua limeivisha hewa ya juu. Mahali ambapo moshi uliopoa unakutana na hewa yenye joto sawa na lake, nguvu ya kupanda inakwisha. Unatanda pale kama shuka, na juu yake hewa ni safi. Alfajiri bati limepoa, kizuizi hakipo, ndiyo maana vililia.

Urefu unaofikiwa na moshi unaweza kukadiriwa kwa fomula hii, ikiwa joto linaongezeka kwa mpangilio sawa kutoka sakafuni hadi darini:

`Zm = 5.54 × Qc^(1/4) × (dT/dZ)^(-3/8)`

Zm ni mita kutoka kwenye moto, Qc ni kilowati za joto linalopanda na hewa, na dT/dZ ni digrii zinazoongezeka kwa kila mita. Tuseme kwenu sakafuni ni digrii 26 na chini ya bati ni 58. Hiyo ni tofauti ya 32 kwa mita 16, yaani digrii 2 kwa mita. Moto mdogo wa kilowati 20 unafikisha moshi mita 9 tu. Ili moshi uguse dari, moto unapaswa kufika kilowati 200 hivi, mara kumi ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo mchana, vigunduzi vya darini vinasubiri moto ukue kwanza.

Hesabu hii ni makadirio. Mara nyingi joto halipandi taratibu, bali hujikusanya kwenye tabaka nene chini ya bati. Funga vipimajoto vitatu au vinne kwenye kamba kwa urefu tofauti, uvisome saa nane mchana, utajua zaidi kuliko nitakavyokuambia mimi.

Basi si nishushe tu ile miali ya juu hadi mita 8?

Hapana. Usiku, au moto ukiwa mkubwa, moshi utapanda moja kwa moja na kutanda chini ya dari, na miali yako itakuwa chini ya tabaka lenyewe. Ya juu ibaki juu, ndani ya sentimita 60 kutoka darini kama kiwango cha Uingereza, BS 5839-1, kinavyotaka. Ya chini ni nyongeza.

Ukumbi ni mita 60 kwa 30. Juu nina miali miwili. Ya chini nayo iwe miwili?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na michoro ya namna hiyo nimeirudisha mara kadhaa.

Miwili ya juu inatosha kwa dari tambarare, kwa sababu moshi ukigonga dari hutawanyika pande zote. Kila mwali unahudumia mita 7.5 kila upande, kwa hiyo unaweka mmoja mita 7.5 kutoka ukuta huu, wa pili mita 7.5 kutoka ule, na mita 15 katikati yao. Upana wa mita 30 umeisha.

Chini hakuna dari ya kuutawanya. Mwali unapaswa kuukata mnara wa moshi ungali unapanda, na mnara huo ni mwembamba. Kiwango hichohicho kinahesabu kila upande asilimia 12.5 ya urefu wa mwali juu ya mahali moto unapoweza kuanzia. Kwa mita 8 hiyo ni mita 1 kila upande, mita 2 kwa mwali mmoja. Kuufunika ukumbi wote kungetaka miali 15! Moto ukiweza kuanzia juu ya rafu za mita 3, mwali uko mita 5 tu juu yake, na upana wake unashuka hadi mita 1.25.

Ningefanya hivi: angalia moto unaweza kuanzia wapi hasa, kwa mfano jukwaani, kwenye viti vilivyopangwa au mbele ya stoo, kisha upitishe miali ya chini juu ya hapo. Iweke chini kidogo ya pale moshi unapokadiriwa kusimama, lakini juu ya vichwa vya watu, mabango na mashine za kunyanyulia. Pengo linalobaki liandikwe kwenye mchoro ili mwenye jengo alijue.

Paneli ya alamu inaonyesha hitilafu kila alasiri, asubuhi imejirekebisha. Kichwa nimekifunga kwenye ukuta wa bati, kioo kiko ng'ambo mita 60.

Ukuta wako unatembea. Chukua breketi yenye upana wa milimita 100. Bati likijikunja kwa jua na upande mmoja wa breketi ukasogea milimita 1 tu, mwali unahama sehemu 1 kwa 100 ya safari yake. Kwa mita 60 hiyo ni sentimita 60. Vichwa vingi huvumilia takriban nusu digrii au chini yake, na milimita ile tayari imezidi hapo. Namba kamili isome kwenye kijitabu cha kifaa chako.

Hamishia kichwa kwenye nguzo ya chuma au zege. Kioo rejeshi ndicho kiende upande dhaifu, kwa sababu prizima zake hurudisha mwanga ulikotoka hata kikiinama digrii kadhaa.

Halafu lenga upya, na usiridhike na taa ya kijani. Geuza kichwa kushoto mpaka ishara ianze kuanguka, kisha kulia mpaka ianguke tena, ukikaze katikati ya pointi hizo mbili. Rudia juu na chini. Aliyekaza kwenye ukingo wa mwali anapata usomaji mzuri asubuhi na matatizo jioni. Ukimaliza, funika kioo chote: ishara ikibaki, ulikuwa umelenga boriti inayong'aa au dirisha.

Na ushukuru kwamba umepata hitilafu. Ishara ikipungua asilimia 35 hivi na kubaki hapo kwa sekunde kumi, vifaa vingi vitadhani ni moshi, na ukumbi utakimbiwa bure.

Nikiziba mwali kwa kiganja inatoa hitilafu, si moto. Je, kimekufa?

Kipo sawa. Mwanga ukikatika wote ghafla, kifaa kinaelewa kwamba kitu kimeuziba. Moshi hupunguza mwanga kidogokidogo. Pima kwa kichujio cha plastiki chenye vipimo, ukianza na kile kinachopunguza mwanga chini ya kiwango cha alamu. Hicho hakipaswi kuiliza. Kinachofuata, kinachopunguza zaidi ya kiwango hicho, ndicho kiilize.