Kabla hujawasha kamera ya harusi, jua kwanza ni hadithi ya nani

Miaka yangu ya mwanzo kwenye hii kazi nilikuwa napiga video ya harusi kama wote tunavyopiga: saluni, gari lenye maua, kanisani, matarumbeta, ukumbini, keki, zawadi, basi. Halafu naenda kuedit naweka Bongo Fleva tatu nne juu yake na nikiona hotuba ni ndefu nazima sauti naacha muziki. Siku moja mama wa bibi harusi akanipigia simu, mpole kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, yale maneno ya dada yangu mbona siyasikii, naona mdomo tu unacheza?" Sikuwa na jibu bana. Picha ilikuwa kali, droni nilirusha, lakini kitu alichotaka yeye kilikuwa sauti ya dada yake na mi nimekifunika na biti.

Tangu hapo nikageuza kazi. Sasa hivi najenga filamu juu ya maneno kwanza, picha zinafuata. Na watu wakisikia naandika skripti ya harusi wananicheka, wanadhani nawapangia watu cha kusema. Hapana, huwezi kumpangia mzee hotuba yake. Skripti kwangu ni karatasi moja inayojibu hii harusi tunaiangalia kwa macho ya nani, kwasababu ukishalijua hilo unajua maiki ya pili umvalishe nani na kamera ya pili ikae wapi. Ntakuelezea kwa harusi moja ili tuelewane.

Bibi harusi alikuwa wa Morogoro, bwana harusi wa Dar. Sendofu Morogoro, wiki moja baadae ndoa Dar kanisani. Wenye kuoa kanisani wanajua matangazo husomwa Jumapili tatu, sasa mi nilishajiwekea kwamba hizo wiki tatu ndo muda wangu wa mahojiano, siku ya harusi sihoji mtu kabisa. Siku ya harusi bibi harusi ana njaa, shela inambana, simu inaita, na ukimuuliza "unajisikiaje" atakujibu "najisikia furaha sana namshukuru Mungu", na bwana harusi atakujibu hivohivo, na bibi yake hivohivo. Una majibu matatu yanayofanana na hakuna hata moja utakaloweza kulitumia.

Kwahiyo nikaenda nyumbani kwao Morogoro siku ya katikati ya wiki. Baba yake ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache mno, mkewe alishanionya mapema kwamba "huyo hutapata kitu kwake". Nikamwamkia, tukanywa chai, kamera bado ipo kwenye begi. Kosa tunalofanya ni kuuliza watu hisia, mzee wa kwetu ukimuuliza hisia anaona unamvunjia heshima. Muulize siku. "Baba, naomba unieleze siku mshenga alipokuja hapa, ulikuwa unafanya nini?" Akasema alikuwa anashona sare za shule. Nikauliza sare za nani. Hapo akanyamaza, na mi nikanyamaza, nikahesabu moyoni mpaka tano. Akainuka akaenda chumbani akarudi na daftari la kaunta limechakaa, limejaa vipimo vya wateja, akafungua nyuma kabisa: mistari kumi na moja, jina moja tu. Vipimo vya binti yake, kila Januari shule zikifunguliwa, kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Bega, kifua, kiuno, urefu.

Nikajua tayari filamu ninayo.

Nikamwomba tuanze upya na kamera. Hapa kuna vitu vidogo vinavyoharibu kazi ukivipuuza. Mwambie mhojiwa aanze jibu lake na swali lenyewe, yani asiseme "nilikuwa nashona", aseme "siku mshenga alipokuja nilikuwa nashona", maana sauti yako wewe utaikata na mtazamaji hatajua anajibu nini. Zima feni. Zima friji, na funguo ya gari au pikipiki yako iweke ndani ya hilo friji, hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuliwasha, mi niliwahi kuharibu nyama ya watu kwa kusahau. Mama au bibi akivaa khanga, maiki ya kubana usimbane wewe, mpe mjukuu wake ambane, na hakikisha haijafunikwa na pindo maana khanga ikisuguana na maiki utasikia kama mtu anakunja gazeti. Mkimaliza, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya na watu wote wamekaa. Ukimya wa kila chumba una sauti yake, na ukija kukata neno katikati ya sentensi ndo utaziba pengo na huo ukimya, bila hivo kila mkato unasikika kama shimo.

Nikarudi nyumbani nikaandika ile karatasi. Juu kabisa: "Baba aliyempima binti yake miaka 11, sasa anampeleka kwa watu." Chini yake nikaandika sehemu ambazo lazima nizipate: fundi wa shela akimpima kiuno kwa tepu (hii bila ile ziara nisingeijali kabisa), mikono ya baba kwenye cherehani, uso wa baba wakati wa kiapo, hotuba ya baba. Basi, vinne tu. Vingine vyote vya harusi napiga kama kawaida, ila hivi vinne nikivikosa sina filamu.

Sasa hotuba, hapa ndo penye vita. Wiki ya sendofu nikaomba namba ya emsii na ya dijei kwa mwenyekiti wa kamati. Niliwaomba mambo mawili. La kwanza, wazazi wasiongee wakati chakula kinagawiwa, maana sahani na vijiko vinamaliza sauti. La pili, na hili wengi hawalijui, dijei asiweke muziki chini ya hotuba. Wao wanaona inaleta utamu, lakini muziki ukishaingia pale chini huwezi tena kukata, ukitoa sentensi moja wimbo unaruka na kila mtu anasikia. Hotuba ya dakika sita yenye kinanda chini yake ni lazima uitumie yote au uitupe yote.

Sauti yenyewe nachukua sehemu tatu: waya kutoka kwenye mikisa ya dijei kuingia kwenye rikoda, maiki ndogo kwenye koti la mzungumzaji na rikoda yake mfukoni, na maiki ya kamera kwa ajili ya vicheko na vigelegele vya ukumbi. Usiamini mikisa peke yake. Sauti inayotoka kule ni kubwa kuliko ya maiki, kama rikoda yako umeiacha kwenye mpangilio wa maiki itapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki hata ulipe nani. Alafu dijei kadri usiku unavyoenda anapandisha. Siku ile ya sendofu nilipima saa kumi na mbili jioni mambo safi, saa nne usiku mzee anasimama kuongea tayari ilikuwa imeshapasuka, na sikujua mpaka kesho yake nilipovaa hedifoni. Kilichoniokoa ni kile kirikoda cha mfukoni kwake.

Aliongea sekunde kama 50 tu. Akashukuru, akasema yeye si mtu wa maneno, emsii akataka kudakia "makofi kwa mzee jamani", mzee akamzuia kwa mkono, akawageukia upande wa bwana harusi akasema: "Vipimo vyake ninavyo. Mkitaka kumshonea nguo, mnipigie." Ukumbi ukacheka, halafu ukanyamaza.

Kanisani nilienda kumwona padri kabla, nikamuuliza mwisho wangu ni wapi, akanionyesha nguzo nisiyotakiwa kuivuka. Maiki nikambana bwana harusi, sikuhangaika na shela, wakati wa kiapo wanasimama wanatazamana na maiki moja kifuani kwake inawachukua wote wawili vizuri tu. (Kwenye nikahi mambo ni tofauti, bibi harusi mara nyingi yuko chumba kingine, pale maneno yako kwa walii na bwana harusi, na jibu la "nimekubali" ni la sekunde mbili, ukichelewa limepita.) Kamera moja ikakaa kwa maharusi. Ya pili, ambayo kila mtu angeielekeza kwenye pete, nikaielekeza benchi la mbele kwa baba. Wakati binti anasema maneno yake baba alikuwa anakunja kipeperushi cha ibada, anakikunja na kukikunjua kwenye mstari uleule, kama mtu anayepiga pindo. Bila ile karatasi ningekuwa nakimbilia pete kama wenzangu.

Baada ya hapo sifungui hata kompyuta ya kuedit. Nasikiliza mahojiano, kiapo na hotuba zote nayaandika kwa mkono na muda pembeni, nakata vipande kwa mkasi, napanga sakafuni, alafu namsomea mke wangu kwa sauti bila picha. Akiuliza "huyo nani?" mahali nisipotaka aulize, napanga upya. Filamu ile ilitoka dakika 18. Inaanza na sauti ya mzee, "kila Januari nilikuwa nampima", na unachokiona ni tepu ya fundi mwingine kiunoni kwa bibi harusi, humjui bado anayeongea. Daftari linaonekana katikati, kabla tu ya kiapo. Na ile sentensi ya vipimo nikaiweka mwisho kabisa, baada ya kiapo, ingawa sendofu ilitangulia.

Kuna watakaosema huo ni uongo. Mi naona kuhamisha muda wa maneno ni sawa kama nguo na ukumbi vinaonekana wazi kwamba ni siku nyingine. Ninachokataa ni kukata nusu ya sentensi ya mtu ikabadilika maana, au kuchukua kicheko cha hotuba ya mjomba ukakibandika kwa baba. Mwenyewe alikuwepo, atakumbuka.

Halafu kitu kimoja cha kulinda amani yako: hotuba za wengine wote, shangazi, wajomba, mwenyekiti wa kamati, zisitupwe. Zipange kwenye faili la pembeni zikiwa nzima bila mkato, sauti safi, na uandike kwenye makubaliano tangu mwanzo kwamba kuna filamu fupi na kuna hilo faili. Shangazi wa ile harusi alinipigia vilevile, kwenye filamu alionekana sekunde mbili tu. Nikamtumia dakika zake tisa kwenye Wasapu, akaniambia kumbe aliongea vizuri hivyo.