Jaribio la ulinzi wa data: kila mtu akipata alama zote, kasoro iko kwenye maswali

Swali: Niko idara ya wafanyakazi kwenye sacco moja hapa Nairobi. Nimepewa sera yetu ya ulinzi wa data, kurasa 18, nitunge jaribio fupi la wafanyakazi wote. Nilinakili vifungu nikaacha nafasi za kujaza, lakini kila mtu anapata alama zote na makosa ofisini ni yale yale. Nianzie wapi?

Jibu: Ruka kurasa za mwanzo. Huko mara nyingi kuna utangulizi, maana za maneno na majina ya sheria, na karani wa kaunta hana uamuzi wowote wa kufanya hapo. Pitia sera yote ukipiga mstari chini ya kila sentensi inayomwagiza mfanyakazi atende au asitende jambo fulani: zile zenye "ni lazima", "hairuhusiwi", "mara moja". Kisha kaa na afisa wa ulinzi wa data akuambie ni agizo lipi kati ya hayo linavunjwa kwenu. Maswali manane yatokane na hayo, kila moja likiwa na namba ya kifungu chake pembeni, ili sera ikibadilishwa ujue swali la kurekebisha.

Tuchukue kifungu cha uvujaji wa data, maana ndicho kinachoharibiwa zaidi na watunzi. Kwa kawaida husema mfanyakazi ataripoti mara moja kwa afisa wa ulinzi wa data, na taasisi itamjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mtunzi mwenye haraka huuliza: "Uvujaji huripotiwa ndani ya saa ngapi?" na jibu sahihi ni 72. Swali hilo linafundisha kosa. Katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, saa hizo 72 ni za taasisi kumwarifu Kamishna tangu ilipofahamu, pale ambapo wenye data wako katika hatari halisi ya kudhurika. Si za karani. Akizikariri atadhani ana siku tatu za kutafakari, na kumbe anakula muda ambao afisa anauhitaji kujua ni data za nani zimetoka na zimemfikia nani.

Mimi ningeliandika hivi:

Ijumaa saa kumi na nusu jioni unagundua kwamba jedwali lenye majina, namba za vitambulisho na mikopo ya wanachama umelituma kwa baruapepe ya mtu wa nje asiyehusika. Utafanya nini kwanza?

A. Nitamwomba aliyelipokea alifute. Akikubali, suala limeisha.
B. Nitampigia simu afisa wa ulinzi wa data sasa hivi.
C. Nitaufuta ujumbe kwenye barua zilizotumwa ili usisambae.
D. Nitamweleza meneja Jumatatu, kwa kuwa bado niko ndani ya saa 72.

Jibu ni B, na ona kwamba ndilo fupi kuliko yote. Wafanyakazi wamezoea kuchagua jibu refu lenye maelezo mengi, kwa sababu watunzi hulipamba lile sahihi. Majibu mengine matatu ni mambo ambayo watu hufanya kweli. A linavutia kwa kuwa kumwomba mtu afute si vibaya; kosa ni kudhani yameishia hapo. C linaacha ujumbe kwa mpokeaji na kumpotezea afisa ushahidi. D linamnasa aliyekariri namba. Usiweke jibu kama "Nitapuuza", kwani hakuna atakayelichagua na utakuwa umebakiwa na majibu matatu tu. Chini ya kila jibu andika sentensi moja ya sababu, imtokee mtu papo hapo akishachagua.

Ukikuta sera inasema mahali pamoja ripoti iende kwa meneja na pengine iende kwa afisa, usiamue mwenyewe. Irudishe kwa afisa, na swali lisubiri hadi sera irekebishwe.

Kabla ya kulisambaza, mpe jaribio mtu ambaye hajaisoma sera. Akipata mengi, majibu yako yanajifichua. Wafanyakazi wakishalifanya, tazama swali moja moja badala ya wastani wa alama: wengi wakiangukia D, tatizo la mafunzo umelijua. Lakini wakikosa hata wale makini, soma upya swali lenyewe kabla ya kuwalaumu.

Na majina pamoja na alama za wafanyakazi ni data binafsi pia. Juu ya fomu waeleze nani ataziona, za nini, na zitafutwa lini.