Mteja akipandisha sauti dirishani: kwenu mawakala wapya wa pesa za simu

Mwezi wangu wa pili kwenye kibanda, mama mmoja aliweka shilingi 150,000 za ada, zikaenda kwenye namba nyingine. Alirudi akifoka: "Umekula hela yangu!" Nami nikamjibu kwa sauti ileile, "Mama, tulia, si wewe uliyenitajia namba?" Foleni nzima ikageuka kututazama. Tuligombana nani mwongo, na dakika za kuwahi pesa kabla haijatolewa zikapita hivyohivyo.

Leo ningeanza na sauti. Watu husema shusha sauti, nanyi mnashuka ghafla mpaka kunong'ona. Mtu mwenye hasira huona hiyo ni dharau, na anapandisha zaidi. Anza chini kidogo tu ya sauti yake, kisha punguza sentensi baada ya sentensi. Mara nyingi naye atashuka, kwa sababu anataka kusikia unachosema kuhusu hela yake.

Halafu mwendo. Mwache amalize, hesabu moja, mbili moyoni, ndipo useme jambo moja fupi: "Nimekusikia, mama. Ni laki na nusu." Nyamaza tena. "Tufungue daftari." Lifungue polepole, uligeuze upande wake. Macho yenu yakishakuwa kwenye mstari mmoja, hamtazamani tena usoni, na hilo peke yake hupunguza moto.

Penye uzito zaidi ni maneno. "Tulia" ni amri, na "umekosea" ni hukumu. Sema "pesa imeingia kwenye namba inayoishia na 47; ya mwanao inaishia na 74." Hapo hujamtaja mtu, umetaja namba. Kiswahili kinatusaidia: "namba imekosewa" haimnyooshei mtu kidole. Lakini msijifiche humo. Kama daftarini ameandika 74 na wewe ukabonyeza 47, sema wazi, "Nimebonyeza vibaya mimi, samahani." Ukisema "imekosewa" wakati kosa ni lako, ataligundua, na hasira itarudi mara mbili.

Utajuaje kwamba inafanya kazi? Ataanza kuuliza badala ya kushutumu: "Sasa tunafanyaje?" Usimkimbize kwenye suluhisho kabla ya swali hilo, isipokuwa simu ya huduma kwa wateja, hiyo mwombe mwenzako aianze mapema, akiwa na kumbukumbu namba ya muamala. Wewe mwenyewe huwezi kuirudisha pesa iliyokwisha kuingia kwa mtu, kwa hiyo usiahidi. Sema, "Tunaomba izuiwe. Ikiwa haijatolewa, kuna nafasi."

Ila akiwa amelewa, au mkono umeshapita dirishani kukushika shati, sauti ya upole haitoshi. Rudi nyuma, funga droo, mwite jirani.