Milioni nane zangu zilivyogeuka milioni nne na nukta nane

Wiki hii mdogo wangu mwingine mwanzilishi kanitumia karatasi ya masharti ya mwekezaji akishangilia thamani ya kampuni yake. Nikamuuliza: kabla ya pesa kuingia au baada? Kimya. Haya waanzilishi, kaeni chini tena.

1. Neno "baada" lilinigharimu. Katika raundi yangu ya kwanza mwekezaji alisema anaweka dola milioni 2 kwa thamani ya milioni 8. Kichwani nikapiga hesabu: nane zangu, mbili zake, jumla kumi, basi mimi na mwenzangu tunabaki na asilimia 80. Usiku ule tulisherehekea. Karatasi ilikuwa imesema wazi kuwa milioni 8 ni baada ya pesa kuingia, kwa hiyo mbili yake ilikuwa robo ya kampuni, si moja ya tano. Hilo ningelimeza. Mstari wa chini yake ndio ulioniua: akiba ya hisa za wafanyakazi iwe asilimia 15 ya kampuni baada ya raundi, na itengwe kabla pesa haijaingia. Niliusoma nikaona ni ukarimu kwa wafanyakazi. Nani angepinga?

Wakili ndiye aliyenifungua macho, na saini zilishakauka. Tulikuwa na hisa milioni 6. Bei ya hisa ilitoka senti 80, nami nilitarajia dola 1.33. Zidisha senti 80 kwa hisa zetu milioni 6: milioni 4.8. Hiyo ndiyo thamani waliyotupa kweli. Mwekezaji alipata hisa milioni 2.5, akiba milioni 1.5, sisi asilimia 60. Akiba yote ilitoka mfukoni mwetu. Yake 25 haikuguswa. Mwenzangu hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki.

2. Kwa hiyo anzieni bei ya hisa, halafu zidisheni kwa hisa mlizonazo leo.

3. Akiba inajadiliwa. Msibishane kwa asilimia, nendeni na orodha ya watu mtakaowaajiri miezi 12 hadi 18 ijayo na hisa za kila mmoja. Kama orodha yetu ingeonyesha asilimia 8 tu inatosha, tungebaki na 67. Mimi sikuwa na orodha, nilikuwa na tabasamu. Na hisa za akiba zisizogawiwa, kampuni ikiuzwa, kwa kawaida hufutwa na kila mwenye hisa hunufaika, hata yule ambaye hakuzichangia.

4. Wenye hati za SAFE, zile ambazo mwekezaji anatoa pesa leo na kupata hisa zake raundi ijayo, za mtindo wa Y Combinator wa 2018: asilimia za hati zenye kikomo cha thamani cha "baada" zijumlishwe tu. Hati ya asilimia 10, ya 10 na ya 5 ni 25, na zote zinawakata ninyi waanzilishi, hazikatani zenyewe. Yule kijana anazo nne. Nimemwambia aniletee jedwali la hisa kesho asubuhi, na asije na keki.